Barua ya dai la ajali kwa kampuni ya bima: kuituma mapema au kungoja ripoti ya daktari?

Mtu aliyegongwa na gari Nairobi akavunjika mguu ana njia mbili za kudai fidia kwa kampuni iliyolikatia gari hilo bima. Njia ya kwanza ni barua moja ya mapema: wiki chache baada ya kutoka hospitali anajumlisha alichotumia, anaongeza kiasi anachoona kinamfaa kwa maumivu, na kuipeleka. Njia ya pili ni barua mbili. Kwanza anapeleka arifa fupi isiyo na hesabu yoyote, kisha miezi kadhaa baadaye, mfupa ukishaunga na daktari akishaandika ripoti, anapeleka dai lenye mchanganuo kamili.

Kwa mfupa uliovunjika, njia ya pili ndiyo bora. Kwa majeraha ya nyama tupu, ambapo eksirei haikuonyesha ufa wowote na mtu amerudi kazini ndani ya wiki tatu hivi, barua moja ya mapema inatosha, kwa kuwa hakuna la kungojea. Hapa tunazipima njia zote mbili kwa mfano mmoja wa kubuni, tukianza na matibabu, kisha kipato, kisha maumivu, kwa sababu kila moja linathibitishwa kwa namna yake.

Chukua mama mboga mwenye kibanda Umoja. Hununua nyanya na vitunguu Marikiti alfajiri na kuuza siku sita kwa wiki. Tarehe 3 Machi 2025 anagongwa na matatu akivuka Barabara ya Jogoo. Mfupa wa muundi unavunjika, anafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma kirefu ndani ya mfupa. Anatembea kwa magongo na hauzi chochote kwa miezi mitatu. Miezi miwili inayofuata mpwa wake anasimama kibandani kwa malipo, na mwezi wa sita anarudi mwenyewe.

Hizi ndizo hesabu zake kwa kila njia:

| | Barua ya mapema (wiki ya 6) | Barua ya mchanganuo (mwezi wa 8) |
|---|---|---|
| Matibabu na gharama zilizokwisha kulipwa | Sh 165,700 | Sh 193,450 |
| Kutoa chuma baadaye | haikutajwa | Sh 120,000 |
| Kipato kilichopotea | Sh 36,000 | Sh 104,000 |
| Maumivu na mateso | Sh 250,000 | Sh 500,000 |
| Jumla | Sh 451,700 | Sh 917,450 |

Mguu ni uleule na ajali ni ileile. Tofauti yote imetokana na kile kilichokuwa kinajulikana, na kinachoweza kuthibitishwa, siku barua ilipoandikwa.

Matibabu

Katika sheria ya Kenya gharama zilizokwisha kutumika ni lazima zitajwe moja moja na zithibitishwe kikamilifu. Ofisa wa madai katika kampuni ya bima analijua hilo, na anasoma barua yako akiwa na swali moja: iko wapi risiti? Kwa hiyo usiandike "nimetumia kama laki moja na sabini". Andika bili ya hospitali Sh 148,000, dawa Sh 7,400, magongo Sh 2,500, eksirei mbili Sh 3,000, teksi nne za kwenda kliniki Sh 4,800, na kila mstari uwe na nambari inayolingana na nambari uliyoiandika kwa kalamu juu ya risiti yenyewe. Jumla ya hapo ni Sh 165,700, na barua zote mbili zinalingana hadi hapo. Barua ya mchanganuo inaongeza yaliyofuata: vipindi 12 vya fiziotherapia kwa Sh 1,000 kila kimoja, eksirei mbili nyingine, teksi sita, ada ya daktari ya ripoti Sh 5,000, na Sh 550 za nakala ya rekodi za gari kutoka NTSA. Hizo ni Sh 27,750 zaidi.

Kuna mitego miwili inayowanasa wengi. Wa kwanza ni kuchanganya ankara na risiti. Ankara inaonyesha ulichodaiwa, risiti inaonyesha ulicholipa. Kama sehemu ya bili bado ni deni hospitalini, iandike kwenye mstari wake kama deni na uambatishe taarifa ya hospitali. Usiichanganye na ulicholipa.

Mtego wa pili unatoka kwenye mchango. Jamaa wanachanga, mweka hazina wa kikundi analipa kwa M-Pesa yake, na risiti inatoka kwa jina la mweka hazina. Miezi minane baadaye kampuni ya bima inaona malipo ya mtu isiyemjua na kuyakata. Dawa yake ni rahisi ikifanywa siku ileile: mwombe keshia aandike jina la mgonjwa na nambari yake ya kulazwa kwenye kila risiti, hata kama pesa zimetoka kwenye simu ya mwingine. Ikiwa siku hiyo imepita, rudi idara ya fedha ya hospitali uombe taarifa ya akaunti ya mgonjwa inayoonyesha kila malipo na tarehe yake, kisha mweka hazina atoe taarifa yake ya M-Pesa (inapatikana kupitia *334#) ili mistari ioane.

Nauli za matatu hazina risiti na ni nadra zilipwe. Afadhali kuziacha kuliko kuzikadiria, kwa maana kadirio moja lisilo na msingi linamfanya msomaji ayatilie shaka hata yale yenye risiti.

Gharama ambayo barua ya mapema huikosa kabisa ni ya kukitoa chuma. Wiki ya sita hakuna anayeiwazia. Mgonjwa anashukuru tu kwamba anaweza kukanyaga. Lakini chuma hicho huenda kikahitaji kutolewa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na huo ni upasuaji mwingine, kitanda kingine, na wiki nyingine bila kazi. Mahakama za Kenya huichukulia gharama ya matibabu ya baadaye kama kitu kinachopaswa kutajwa kwa kiasi chake tangu mwanzo, hata kama hakijatumika. Daktari akiandika kwenye ripoti kwamba chuma kitatolewa na kwamba kazi hiyo itagharimu takriban Sh 120,000 katika hospitali ya kiwango fulani, sentensi hiyo moja ndiyo uthibitisho wako. Isipokuwepo, huna cha kudai.

Kipato

Hapa ndipo barua nyingi za wafanyabiashara wadogo huporomoka, na sababu ni ileile karibu kila mara: mtu anadai mauzo badala ya faida. Taarifa ya M-Pesa ya mama mboga wetu inaonyesha wastani wa Sh 4,500 kuingia kwa siku. Akizidisha kwa siku 26 za mwezi, anaandika kwamba amepoteza Sh 117,000 kila mwezi. Ofisa wa madai hahitaji hata kubishana. Anauliza tu nyanya zilinunuliwa kwa kiasi gani.

Hesabu ya kweli inaanza na mauzo hayo Sh 4,500. Toa Sh 3,200 za bidhaa alizonunua Marikiti. Toa Sh 300 za mkokoteni, usafiri na ushuru wa kaunti. Inabaki Sh 1,000 kwa siku, yaani Sh 26,000 kwa mwezi. Kiasi ni kidogo kuliko kile cha kwanza, lakini kinasimama, kwa sababu kina nguzo tatu: taarifa ya M-Pesa ya miezi sita kabla ya ajali, daftari la manunuzi hata kama limeandikwa kwa penseli na lina madoa, na risiti za ushuru zinazoonyesha kwamba kweli alikuwa na kibanda. Uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2005 ulikataa hoja kwamba hati ndiyo njia pekee ya kuthibitisha kipato cha mtu, kwa hiyo asiye na vitabu vya hesabu hajafungiwa mlango. Ila aliye na daftari hupita kwa urahisi zaidi kuliko asiye nalo.

Asiye na chochote kabisa cha kuonyesha anabakiwa na kima cha chini cha mshahara. Kwa kibarua wa kawaida Nairobi kilikuwa Sh 16,113.75 kwa mwezi kuanzia Novemba 2024. Kwa miezi mitatu ni Sh 48,341.25, badala ya Sh 78,000 ambazo daftari lingemletea. Aliyeajiriwa ana kazi nyepesi zaidi: hati tatu za mshahara za kabla ya ajali, na barua ya mwajiri inayosema ni siku ngapi hakulipwa. Kama mwajiri aliendelea kumlipa, hakuna kipato kilichopotea, na kukidai ni kujiharibia.

Barua ya mapema inaweza kudai wiki sita tu, yaani siku 36 kwa Sh 1,000. Barua ya mchanganuo inadai miezi mitatu mizima, Sh 78,000, kisha inabadilika. Kuanzia mwezi wa nne kibanda kilikuwa kinauza kama kawaida kupitia mpwa aliyelipwa Sh 500 kwa siku. Hasara ya miezi hiyo miwili ni malipo ya mpwa, Sh 26,000, si faida yote. Kudai vyote viwili, faida na malipo ya msaidizi, ni kudai kitu kimoja mara mbili, na mwenye jicho kali atakiona. Mpwa aandike kwa mkono alipokea kiasi gani na kuanzia lini, na kama alilipwa kwa M-Pesa, mistari hiyo iwekewe alama.

Jambo la mwisho la kipato ni barua za daktari za mapumziko. Miezi unayodai lazima ifunikwe na barua hizo bila pengo. Ikiwa daktari aliandika wiki nane na wewe unadai miezi mitano, rudi kliniki upimwe, na ukistahili upewe barua nyingine wakati huohuo. Barua inayoandikwa baadaye ili kuziba pengo haina uzito huo.

Maumivu

Maumivu hayana risiti, lakini hayakadiriwi hewani. Jaji huangalia mahakama nyingine zilitoa kiasi gani kwa jeraha linalofanana, na ofisa wa madai hufanya vivyo hivyo. Nawe fanya hivyo kabla ya kuandika.

Hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Andika katika kisanduku cha kutafutia `fracture tibia fibula general damages` (hukumu zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza) na usome za Mahakama Kuu zilizotolewa kwenye rufaa, maana hizo ndizo zilizorekebisha kiasi kilichokuwa kidogo mno au kikubwa mno. Chagua tatu zenye mfupa uleule, matibabu yaleyale na kiwango cha ulemavu kinachokaribiana. Kosa la kawaida ni kuchukua hukumu yenye kiasi kikubwa bila kuona kwamba mdai huyo alivunjika miguu yote miwili na nyonga. Kampuni ya bima itaisoma hukumu hiyo hadi mwisho hata kama wewe hukuisoma. Tuseme hukumu zako tatu zilitoa Sh 400,000, 500,000 na 600,000. Ukiandika Sh 500,000 na kuzitaja zote tatu, pamoja na ile ya chini, unakuwa na hoja. Anayeandika mapema hana ripoti, hajui ulemavu wake ni wa kiwango gani, na kwa hiyo hajui alinganishe na nini. Zile Sh 250,000 kwenye jedwali ni kubahatisha, na zikishaandikwa zinakuwa dari ya mazungumzo yote yanayofuata.

Maelezo ya maumivu yawe ya mambo yanayopimika. "Niliteseka sana" haimwambii msomaji kitu. Linganisha na aya hii:

> Nililazwa siku tisa. Nilitembea kwa magongo mawili kwa wiki kumi na mbili na kwa gongo moja kwa wiki nne zaidi. Nina kovu la sentimita kumi na moja chini ya goti la kulia. Hadi leo siwezi kuchuchumaa, na sibebi tena kreti ya nyanya niliyokuwa nikiibeba mwenyewe kabla ya ajali. Mambo haya yameelezwa katika ripoti ya daktari, ukurasa wa pili.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayobeba mzigo. Kila unachodai kuhusu mwili wako lazima kionekane pia kwenye ripoti. Kabla ya kumlipa daktari, hakikisha ripoti inataja majeraha, matibabu, hali uliyo nayo siku ya kupimwa, matarajio ya kupona, asilimia ya ulemavu wa kudumu kama upo, na gharama ya kutoa chuma. Ripoti dhaifu utaijua haraka: imenakili muhtasari wa hospitali neno kwa neno na haionyeshi kwamba daktari aliugusa mguu. Kampuni ya bima huenda ikakutaka upimwe na daktari wake. Nenda, ukiwa na eksirei zako zote, na utarajie asilimia yake iwe chini ya ile ya daktari wako.

Kungoja kuna gharama

Tusiipambe njia ya pili kuliko inavyostahili. Sheria ya ukomo wa muda inakupa miaka mitatu tangu siku ya ajali kufungua kesi ya uzembe. Kwa mama mboga wetu, kesi iwe mahakamani kabla ya 3 Machi 2028, na mazungumzo na kampuni ya bima hayaisimamishi saa hiyo hata kidogo. Wapo wanaoandikiana barua za heshima hadi siku inapita. Kampuni nazo huanguka: United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, zikawaacha wadai wengi bila malipo. Miezi minane ni muda wa haki kwa mfupa wa muundi. Miezi ishirini ni uzembe.

Ndiyo maana arifa fupi inatangulia, ndani ya wiki mbili au tatu. Iwe na tarehe, saa na mahali pa ajali, nambari ya usajili wa gari, nambari ya OB na kituo cha polisi, nambari ya sera ya bima kama ilivyo kwenye abstrakti ya polisi, na sentensi moja kwamba dai kamili litafuata matibabu yakikamilika. Hakikisha kampuni uliyoiandikia ndiyo iliyokuwa na bima ya gari siku ileile ya ajali, maana matatu hubadilisha kampuni mara kwa mara. Nakala iende kwa mwenye gari, kwa kuwa kisheria yeye ndiye atakayeshtakiwa. Kampuni ya bima hulipa kwa niaba yake, na chini ya sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, wajibu wake kwa mtu mmoja unaishia Sh 3,000,000. Sura hiyohiyo inataka kampuni iarifiwe pia kuhusu kesi yenyewe inapofunguliwa. Arifa yako ya mwanzo isidhaniwe kuwa imeshafanya kazi hiyo. Wakili apeleke nyingine wakati huo.

Barua hizi mbili hazifanani pia kwa kichwa chake. Arifa iandikwe wazi, kwa sababu unataka kuweza kuionyesha mahakamani. Barua yenye kiasi unachokubali kulipwa iwe na maneno "Bila kuathiri haki" juu kabisa, ili ukishindwa kuelewana nao kiasi hicho kisitumike dhidi yako. Zote mbili zipelekwe kwa mkono, nakala mbili, na nakala yako irudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Hatari kubwa ya barua ya mapema haimo ndani ya barua bali katika jibu lake. Kampuni ikikubali haraka, huleta hati ya kumaliza dai inayosema malipo hayo ni kamili na ya mwisho. Aliyetia sahihi wiki ya nane kwa Sh 300,000 hatarudi mwaka unaofuata na bili ya kutoa chuma. Ukiwa na shida ya pesa za haraka, unaweza kuomba walipe gharama za hospitali peke yake kwa barua inayosema waziwazi kwamba madai mengine yamebaki. Wakikataa, usitie sahihi hati ya mwisho kwa sababu ya dhiki ya mwezi mmoja.

Ofa ya kwanza kwa kawaida huja kama namba moja isiyo na maelezo. Tuseme ni Sh 520,000 dhidi ya zile Sh 917,450. Usijibu kwa namba nyingine. Omba kwa maandishi wachanganue ofa hiyo: matibabu kiasi gani, kipato kiasi gani, maumivu kiasi gani, na kama wamekata chochote kwa madai kwamba nawe ulichangia ajali. Wakisema umechangia asilimia 20 kwa kuvuka mbali na daraja la waenda kwa miguu, makato hayo huangukia jumla yote, na dai linashuka hadi Sh 733,960. Hapo mjadala ni wa ramani ya polisi na mashahidi, si wa mguu wako. Wakikata matibabu, warudishie nambari za risiti. Wakikata maumivu, waulize ni hukumu zipi walizolinganisha nazo, kisha uzisome kuona kama mfupa ni uleule.